Pinki inakimbia, namba inapanda: kutafuta kosa kwenye titresheni ya chuma cha kidonge cha damu

Dogo mmoja wa fildi alinifuata benchini na daftari lake, amepata miligramu 70.8 za chuma kwa kidonge kimoja, wakati kopo limeandikwa feras salfeti mg 200, yaani chuma mg 65 hivi. Akaniambia, "Kaka, hivi vidonge wamezidisha chuma." Nikamuuliza pinki yako ilikaa sekunde ngapi? Akanyamaza kidogo, akasema ilikuwa inapotea anaongeza tone, inapotea tena anaongeza tone, mpaka ikachoka ikakaa. Basi hapo tatizo lilishajitaja lenyewe, ila ilituchukua siku mbili kulimaliza maana nyuma yake kulikuwa na jingine. Naandika hapa tulivyopita mle, kwa sababu vidonge hivi vya damu wanavyopewa wajawazito kliniki vinapimwa na wanafunzi wengi sana kwa pamanganeti na makosa yanayojitokeza ni yale yale.

Kwanza mkumbuke kinachotokea kwenye flaski. Ioni moja ya pamanganeti inachukua elektroni tano, na kila Fe²⁺ inatoa moja tu, kwa hiyo moja kwa tano:

```
MnO4⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H2O
```

Angalieni vitu viwili. Kuna H⁺ nane pale, asidi inaliwa kwa kasi kweli. Halafu pamanganeti inahesabu Fe²⁺ peke yake, Fe³⁺ haioni kabisa, lakini kitu kingine chochote chenye elektroni za kugawa kitahesabiwa kama chuma: sukari, vitamini C, zinki iliyobaki, hata kloridi. Makosa karibu yote ya kazi hii yanatoka kwenye sentensi hiyo, ama kuna Fe³⁺ haijarudishwa ikawa Fe²⁺ na namba inashuka, ama kuna mgeni anakula pamanganeti na namba inapanda.

Pinki inatokea halafu inakimbia

Hii ndiyo ya dogo. Alisaga vidonge, akayeyusha unga kwenye asidi ya salfuriki ya baridi, akachuja, akaanza kutitreti moja kwa moja. Ni njia iliyoandikwa kwenye mwongozo mwingi wa shule, na kwa kristali safi za feras salfeti inafanya kazi vizuri tu. Ila kidonge siyo kristali safi. Kina laktosi, kina wanga, juu kimevikwa sukari au plastiki nyembamba yenye rangi, ndani kina foliki asidi, vingine vina vitamini C. Vitamini C inakula pamanganeti hapo hapo, huoni dalili yoyote zaidi ya namba kubwa. Sukari yenyewe ni mvivu, haili haraka, na ndiyo inayofanya pinki itokee, ikae sekunde tano, ipauke. Mtu anadhani bado hajafika mwisho, anaongeza, kumbe chuma kiliisha zamani sasa anatitreti sukari.

Ni lazima muijue tofauti ya kupauka na kupauka, maana hata titresheni safi kabisa pinki yake haikai milele. Mn²⁺ iliyotengenezwa inagusana polepole na pamanganeti iliyobaki, kwa hiyo baada ya dakika moja au mbili rangi inafifia na hiyo ni kawaida. Kanuni ninayotumia mimi ni sekunde 30 huku unazungusha flaski, ikivuka hapo soma bureti na uache. Ikifa ndani ya sekunde tano au kumi, simama, usiongeze tone, jiulize nani anakula.

Ujanja wa haraka ni huu: chukua flaski iliyokwisha titretiwa, ipashe moto kidogo, nyuzi 40 hivi, ongeza matone mawili ya pamanganeti uangalie. Kama ni sukari itaila haraka zaidi kuliko ilivyokuwa baridi, unaona kwa macho. Halafu kama unatafuta ufumbuzi usiohitaji tanuru, famakopia kwa vidonge vya feras salfeti hutumia seriamu (Ce⁴⁺) badala ya pamanganeti kwa sababu hiyo hiyo, seriamu kwenye baridi haijali sana sukari. Na kama kidonge chako ni cha feras fyumareti, basi pamanganeti ya moja kwa moja sahau, fyumareti yenyewe ina kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili na pamanganeti inaishambulia.

Sisi seriamu hatukuwa nayo, tulikuwa na tanuru, kwa hiyo tukachoma.

Kwa nini ukichoma lazima urudishe chuma

Vidonge 20 vilikuwa na gramu 7.120, kwa hiyo kimoja ni 0.3560. Tukasaga vyote, tukapima unga gramu 0.7120, yaani vidonge viwili, tukaweka kwenye kikombe cha kauri, tukakausha taratibu juu ya moto mdogo mpaka moshi ukaisha ndipo kikaingia tanuruni nyuzi 500 mpaka 550. Ukikimbilia tanuru sukari inavimba kama andazi inamwagika nje ya kikombe, na hapo chuma chako kimeondoka nayo. Jivu likiwa tayari ni jekundu la kahawia bila punje nyeusi hata moja. Nyeusi ni mkaa, na mkaa maana yake bado kuna mgeni.

Sasa jivu hilo ni Fe2O3, chuma chote kimekuwa Fe³⁺. Ukiyeyusha na kutitreti hapo hapo, tone la kwanza tu linakupa pinki na jibu lako ni sifuri. Ndiyo maana ridaksheni haikwepeki kwenye njia hii. Na hata bila kuchoma, vidonge vilivyokaa wazi mwaka mzima kwenye unyevunyevu wa huku kwetu Pwani vinakuwa na madoa ya kahawia ndani, ile ni Fe³⁺, ukititreti bila kurudisha utapata Fe²⁺ iliyobaki tu. Hilo siyo kosa kama swali lako ni Fe²⁺ imebaki kiasi gani, ni kosa kama unataka chuma chote.

Tuliyeyusha jivu kwa HCl kali mililita 10 kwa joto la chini, kikiwa kimefunikwa na kioo cha saa, tukaongeza salfuriki kali mililita 5 taratibu, tukachemsha kwenye kabati la moshi mpaka HCl yote ikatoka na moshi mweupe mzito wa salfuriki ukaanza kujikunja juu ya bika. Ukipoa, unaumimina kwenye maji mililita 50, asidi kwenda kwenye maji na siyo maji kwenda kwenye asidi tafadhali. Hapo wengi wanaogopa, maana chini kunakuwa na unga mweupeupe wanadhani ni mchanga wa kidonge. Ule ni feriki salfeti iliyokauka, chuma chenyewe hicho, na inayeyuka kwa uvivu mno. Ipashe moto dakika 15 au 20 mpaka maji yawe safi ya njano, usiichuje.

Kisha zinki ya punje gramu 5, moto mdogo nusu saa. Mapovu yale ni haidrojeni, kwa hiyo bansen zimeni, tumieni jiko la umeme. Njano inapauka pole pole mpaka inabaki kijani ambayo ni kama haipo.

Namba imeshuka

Jibu letu la kwanza kwa njia hii lilikuwa mililita 20.30. Blanki ilikuwa 0.05, pamanganeti yetu 0.01985 M, ukipiga hesabu inatoka mg 56.1 kwa kidonge. Juzi 70.8, leo 56.1, unga ni ule ule! Dogo alikata tamaa kabisa.

Namba ikishuka mimi natafuta sehemu tatu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ya kwanza ni kama chuma chote kimeingia kwenye maji. Nikamwambia niletee kile kikombe cha kauri ulichochomea, usiwe umekiosha. Tukakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, chini kwenye kona kuna utando mwekundu kama kutu ya bati, mwembamba, umeshika. Tanuru letu kipimo chake kilikuwa kinadanganya, lilipanda juu zaidi ya ilichoonyesha, na Fe2O3 ikiungua kwa joto kali inakuwa ngumu, HCl inailamba juu juu tu. Tukaongeza HCl kali kwenye kikombe kile kile, joto la chini bila kuchemsha, karibu saa nzima, mpaka nyeupe ya kauri ikaonekana. Mwongozo mmoja unashauri uongeze matone ya stanas kloridi kuharakisha uyeyukaji, na kweli inaharakisha, ila kama utatumia zinki baadaye usifanye, bati lililomo ndani yake litarudishwa na zinki pamoja na chuma halafu litakula pamanganeti.

Ya pili ni kama ridaksheni imekamilika. Macho hayatoshi, kijani ya Fe²⁺ imepauka sana na njano kidogo ndani yake haionekani. Chukua tone kwa fimbo ya kioo, liweke kwenye kigae cheupe juu ya tone la KSCN. Likiwa jekundu au waridi kama maji ya rozela bado kuna Fe³⁺, rudi kwenye moto dakika kumi. Soma hapo hapo, maana tone likikaa kwenye kigae hewa inaligeuza lenyewe linakuwa waridi, utachemsha mpaka jioni bure.

Ya tatu ni hewa. Fe²⁺ ikishatenganishwa na zinki haina mlinzi tena. Kwenye salfuriki ya kutosha inavumilia kiasi, lakini siyo ya kuiacha uende kula. Sisi tunachuja kwenye pamba ya kioo kwenda flaski yenye salfuriki, na ndani tunatupia kijiko kidogo cha bikaboneti ya soda ili kaboni dayoksaidi ifukuze hewa, maji ya kusuuzia ni ya kuchemshwa yakapozwa. Asidi ya fosforiki tunaweka mililita 5 dakika ya mwisho kabisa, bureti ikiwa imeshajazwa. Kazi yake ni kushika Fe³⁺ isiwe njano ili pinki ionekane vizuri, lakini kwa kuishika hivyo hivyo inaisukuma Fe²⁺ igeuke haraka kwa hewa, kwa hiyo ukiiweka mapema unajipunguzia mwenyewe.

Namba imepanda hata baada ya kuchoma

Sukari haipo tena, kwa hiyo wageni wanabaki wachache. Zinki ndiyo wa kwanza. Shika flaski juu ya karatasi nyeusi uangalie chini, ukiona vumbi la kung'aa au mnyororo wa mapovu madogo unapanda kutoka sehemu moja, kuna chembe imepita kwenye pamba. Chembe hiyo inarudisha Fe³⁺ unayoitengeneza, unatitreti chuma kile kile mara mbili, na dalili yake ni pinki inayopotea mara kwa mara bila kuchoka. Na msitumie karatasi ya kuchujia hapa, nyuzi zake nazo zinakula pamanganeti zikiingia.

Wa pili ni kloridi, kama hukuvukisha HCl vizuri. Pamanganeti peke yake kwenye baridi haiisumbui sana kloridi, lakini mmenyuko wa chuma ukiwa unaendelea kloridi inavutwa ndani nayo, klorini inatoka na pamanganeti inaisha bila chuma. Pua inasaidia, kuna kaharufu kama dawa ya kung'arisha mashuka meupe. Rudia kuvukisha mpaka moshi mzito, au weka Mn²⁺ ya kutosha kabla ya kuanza, yaani mchanganyiko wa Zimaman na Rainhadi wenye manganasi salfeti, salfuriki na fosforiki, unaozuia hiyo njia ya kloridi.

Na kama koti la kidonge ni jeupe, kuna uwezekano wa titani dayoksaidi. Zinki inairudisha titani pia, maji yanaonyesha kivuli cha zambarau, na titani hiyo inahesabiwa kama chuma. Dawa ni kumenya koti kabla ya kusaga na kuhesabu kwa idadi ya vidonge vilivyomenywa. Koti jekundu nalo likiwa na rangi ya oksaidi ya chuma linaongeza chuma cha kweli, ila siyo cha feras salfeti.

Wanaofuata njia ya zamani ya stanas kloridi na merikuriki kloridi, ninyi titani haiwasumbui, bati haliigusi. Kwenu angalieni mashapo: yawe meupe, machache, yanayong'aa kama hariri. Yasipotokea kabisa bati lilikuwa pungufu na Fe³⁺ ipo. Yakiwa ya kijivu au meusi bati lilizidi, ile ni zebaki yenyewe imetoka na itakula pamanganeti, flaski hiyo mwageni kwenye chombo cha taka za zebaki mwanze upya. Kwenye sinki hapana kabisa. Sisi tuliiacha njia hiyo kwa sababu ya taka hizo tu, vinginevyo ni nzuri na ni ya haraka.

Badala ya pinki unapata kahawia

Hii ni MnO2, na sababu karibu kila mara ni asidi kuisha. Watu wanabisha, "mbona niliweka salfuriki mililita 5 kali?" Uliweka, ndiyo, ila ukaipa zinki nusu saa. Gramu 5 za zinki zikiyeyuka zote zinakula sehemu kubwa ya asidi hiyo. Ongeza mililita 20 za salfuriki ya 1 M au zaidi baada ya kuchuja. Sababu nyingine ni kufungulia bureti kama bomba bila kuzungusha flaski. Ukiona kahawia flaski ile imeharibika, usijaribu kuiokoa. Na ukiona duara la kahawia ndani ya bureti, pamanganeti yako imeanza kuoza, MnO2 ikishakuwepo inaharakisha kuoza zaidi. Osha bureti kwa asidi ya oksaliki ya moto kidogo, chuja pamanganeti kwenye kioo chenye vinyweleo, pima nguvu yake upya kwa sodiamu oksaleti. Gramu 0.2000 za oksaleti zinataka mililita 29.85 za pamanganeti ya 0.02 M kamili, kwa nyuzi 60 hivi, na matone ya mwanzo yatachelewa kupotea mpaka Mn²⁺ ya kwanza ipatikane, kwa hiyo pale mwanzo usiogope. Soma bureti kwa ukingo wa juu wa maji, rangi imekolea huwezi kuona chini ya mkunjo, cha muhimu usome hivyo hivyo mwanzo na mwisho.

Hujui kosa liko wapi

Pima nusu ya unga. Kama nguvu ya pamanganeti ndiyo ina kosa, kila kitu kinapanda au kushuka kwa asilimia ile ile na jibu la kwa kidonge halibadiliki. Kama ni kitu cha kudumu, mfano zinki yako ina chuma ndani yake na hukufanya blanki, kosa la mililita 0.50 linakuongezea mg 1.4 kwa kidonge ukitumia vidonge viwili, na mg 2.8 ukitumia kimoja. Jibu likipanda unapopunguza unga, tafuta kwenye blanki, na blanki ipite njia yote ikiwa na zinki gramu 5 zile zile.

Kisha chukua chumvi ya Mohr gramu 0.9130, ina chuma mg 130 sawa na vidonge viwili. Moja ititreti moja kwa moja kwenye salfuriki, kwa pamanganeti yetu ilitakiwa mililita 23.46. Nyingine changanya na laktosi, choma, yeyusha, pitisha kwenye zinki, titreti. Ya kwanza ikikubali na ya pili ikikataa, bureti na pamanganeti ni wazima, kosa liko kati ya tanuru na pamba ya kioo. Sisi ya kwanza ilitupa 23.45, ya pili 21 na kitu, na ndiyo iliyonifanya nimwombe dogo kile kikombe.

Baada ya kupunguza tanuru na kuyeyusha mpaka kauri ikawa nyeupe, chumvi ya Mohr ikarudi 23.40. Unga wa vidonge ukatoa 23.05, ukitoa blanki 23.00:

```
23.00 × 0.01985 × 5 × 55.845 = 127.5 mg kwa vidonge 2
127.5 ÷ 2 = 63.7 mg kwa kidonge
```

Hiyo ni asilimia 98 ya kilichoandikwa kwenye kopo. Dogo akarudia mara mbili zaidi mwenyewe, 23.00 na 23.10, na pinki ilikaa nusu dakika zote tatu. Zile 70.8 za mwanzo hakuzifuta, alizipiga mstari mmoja zisomeke, pembeni akaandika "sukari".